Umepewa zoezi la kazi la kufanyia nyumbani? Namna ya kuuliza maswali na kuomba kuongezewa muda

Waajiri wengi wanaotafuta maafisa wa takwimu, wahasibu, watafsiri au waandishi wa ripoti humpa mwombaji zoezi la kufanyia nyumbani. Zoezi huja kwa barua pepe, likiwa na maelekezo, pengine na faili, na saa ya mwisho ya kulirudisha. Makala hii inaeleza namna ya kuuliza jambo lisiloeleweka, na namna ya kuomba muda mfupi zaidi bila kupoteza nafasi yako.

Tutatumia mfano mmoja tuliouandaa kwa ajili ya maelezo. Mwombaji ni mkimbizi anayeishi Gisozi, Kigali. Ameomba kazi ya afisa wa takwimu katika shirika lenye ofisi Nairobi. Ijumaa saa nane mchana anapokea zoezi: faili ya Excel yenye majibu ya kaya 312. Anatakiwa kusahihisha takwimu, kisha kuandika ripoti ya kurasa mbili. Saa ya mwisho ni Jumatatu, 17:00 EAT. Lakini Jumatatu hiyo hiyo saa tatu asubuhi ana miadi ya kushughulikia kitambulisho chake, na tarehe hiyo hawezi kuibadilisha.

Kwanza, hesabu saa ulizo nazo

Herufi EAT maana yake ni saa za Afrika Mashariki, ambazo hutumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo 17:00 ya Nairobi ni 16:00 ya Kigali, yaani saa kumi jioni. Anayesoma 17:00 na kudhani ni saa za Kigali atachelewa kwa saa nzima bila kujua.

Angalia pia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, na asubuhi yake maduka hufungwa. Ukitegemea kompyuta ya duka la intaneti, usiihesabu asubuhi hiyo. Tarehe 7 Aprili, siku ya kuanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, ni sikukuu Rwanda lakini ni siku ya kazi Kenya. Mwajiri wa Nairobi anaweza kupanga saa ya mwisho siku hiyo bila kujua.

Jambo kubwa zaidi katika mfano wetu ni mwisho wa wiki. Ofisi ikifungwa Ijumaa saa 17:00 ya Nairobi, huenda barua pepe isisomwe hadi Jumatatu. Mwombaji ana takriban saa mbili tu za kumpata mtu wa kumjibu. Kwa hiyo haanzi na takwimu. Anaanza kwa kusoma maelekezo yote hadi mwisho na kufungua kila faili. Faili ikiwa ya Google na skrini ikaonyesha `Request access`, hilo ndilo swali la kwanza, na liende mara moja. Wapo wanaogundua Jumapili usiku kwamba faili haifunguki, na hakuna wa kuwasaidia.

Swali lipi liulizwe, lipi liachwe

Orodhesha yote yasiyoeleweka, kisha jiulize juu ya kila moja: jibu lake litabadilisha nitakachotuma? Mwombaji wetu aliandika mambo manne.

La kwanza: safu ya mapato ina namba tu. Haisemi kama ni mapato ya wiki au ya mwezi. Hili linabadilisha kila kitu. Kaya yenye 15,000 kwa mwezi itahesabiwa miongoni mwa maskini zaidi. Kama 15,000 hizo ni za wiki, kwa mwezi ni faranga 65,000, na ripoti itasema jambo tofauti kabisa. Hili linaulizwa.

La pili: ripoti itasomwa na nani, mfadhili au wafanyakazi wa mradi? Hili pia linaulizwa, kwa sababu mapendekezo yatatofautiana.

La tatu: kaya sita zimeandikwa mara mbili. Hapa mwajiri anataka kuona utafanya nini. Ukiuliza, unamrudishia kazi ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Mwombaji anaamua kubakiza jibu la tarehe ya karibuni, na anaandika uamuzi huo chini ya jedwali.

La nne: atumie programu gani? Aliporudi kwenye maelekezo alikuta imeandikwa, yoyote. Kuuliza jambo lililokwisha kuandikwa huonyesha kwamba hukusoma.

Maswali mawili au matatu yanatosha. Yaweke yote katika barua pepe moja, yakiwa na namba ili ajibu kwa urahisi. Na kwa kila swali sema utafanya nini usipojibiwa. Sentensi hiyo ndiyo inayokuwezesha kuendelea na kazi Jumamosi na Jumapili.

Kuomba muda zaidi

Omba mapema, mara tu unapoona kwamba muda hautoshi. Ombi la Ijumaa linaonyesha mtu anayepanga kazi yake. Ombi lile lile likija Jumatatu saa moja kabla ya mwisho linaonyesha mtu aliyezidiwa, hata kama sababu ni ile ile.

Taja siku na saa kamili, kwa saa za ofisi ya mwajiri. Ukisema "naomba muda kidogo", unamlazimisha akuandikie tena kuuliza ni kiasi gani. Omba kinacholingana na muda unaoupoteza. Mwombaji wetu anapoteza asubuhi moja, kwa hiyo anaomba hadi Jumanne saa 12:00 mchana ya Nairobi. Kuomba wiki nzima kwa zoezi la siku tatu ni vigumu kukubaliwa, kwa sababu waombaji wengine wana saa ile ile ya mwisho.

Sababu iwe ya kweli na iwe sentensi moja. Huna haja ya kueleza hali yako ya ukimbizi, historia yako au matatizo ya nyumbani. "Nina miadi rasmi ambayo siwezi kuibadilisha" inatosha. Usiambatishe picha ya kitambulisho au cheti chako cha ukimbizi kama ushahidi. Wakikuomba ushahidi wa miadi, tuma barua ya miadi baada ya kufunika namba zako binafsi.

Ujumbe wenyewe

Jibu kwenye barua pepe ile ile iliyoleta zoezi, bila kubadilisha kichwa chake. Usimtafute mkurugenzi kwa WhatsApp. Andika kwa lugha iliyotumika kwenye zoezi. Kwa Kiswahili, ujumbe wa mwombaji wetu ni huu:

> Kwa Afisa Rasilimali Watu,
>
> Salaam. Asante kwa zoezi nililolipokea leo. Nimesoma maelekezo na faili imefunguka vizuri. Nina maswali mawili na ombi moja.
>
> 1. Safu ya mapato ni ya wiki au ya mwezi? Nisipopata jibu, nitachukulia ni ya mwezi na nitaandika hivyo kwenye ripoti.
>
> 2. Msomaji wa ripoti ni mfadhili au timu ya mradi? Nisipopata jibu, nitaiandikia timu ya mradi.
>
> Ombi: Jumatatu asubuhi nina miadi rasmi ambayo siwezi kuibadilisha. Je, naweza kutuma zoezi Jumanne saa 12:00 mchana, saa za Nairobi? Kama haiwezekani, nitatuma Jumatatu kabla ya 17:00 kama mlivyopanga.
>
> Natanguliza shukrani.

Angalia sentensi ya mwisho ya ombi. Inampa mwajiri nafasi ya kukataa bila ugumu, na inamhakikishia kwamba zoezi litafika kwa vyovyote.

Wakati unasubiri

Kimya si kibali. Mpaka upate jibu lililoandikwa, saa ya mwisho ni ile ya awali. Mwombaji wetu anafanya kazi kana kwamba ombi limekataliwa: anasahihisha takwimu Jumamosi mchana, anaandika ripoti Jumapili, na kabla ya kulala ripoti nzima iko tayari, ingawa angependa kuipitia tena.

Panga kazi ili jibu likija kinyume na ulivyochukulia, usianze upya. Kwenye Excel yeye haandiki mapato ya mwezi kwa mkono. Mapato yaliyotajwa yako safu ya D, na seli ya H1 ina namba ya kuzidishia. Katika safu ya E anaweka:

```
=D2*$H$1
```

Kwa kuwa amechukulia mapato ni ya mwezi, H1 ina 1. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, akiwa njiani kwenda kwenye miadi, jibu linaingia: mapato ni ya wiki, msomaji ni timu ya mradi, na muda hauwezi kuongezwa kwa sababu kamati inakutana Jumanne asubuhi. Anabadilisha seli moja tu kwa simu:

```
=52/12
```

Mwaka una wiki 52 na miezi 12, kwa hiyo kaya zote 312 zinahesabiwa upya kwa mwezi. Akitoka kwenye miadi anasahihisha aya mbili za ripoti zilizotaja mapato na kutuma saa tisa alasiri ya Kigali, saa moja kabla ya mwisho. Ombi lilikataliwa, lakini swali lilimwokoa na kosa ambalo lingeharibu ripoti yote.

Kama usingeweza kumaliza, tuma ulichonacho kwa wakati na useme wazi kilichobaki: "Takwimu zimesahihishwa zote. Sehemu ya mapendekezo haijakamilika." Kazi pungufu iliyofika bila maelezo huonekana kama kazi ambayo mwenyewe hakujua kwamba ina upungufu.

Mitihani isiyoongezwa muda

Baadhi ya mitihani ya mashirika hutumwa kwa waombaji wote saa moja na hurudishwa baada ya saa mbili au tatu. Mara nyingi hapo maswali hayajibiwi, ili wote wawe sawa. Andika ulichokichukulia juu ya jibu lako, kisha endelea. Ikiwa saa hiyo hutaweza, omba saa nyingine unapopokea mwaliko, kabla ya siku ya mtihani.

Mitihani ya mtandaoni yenye saa inayohesabu huanza ukibonyeza kitufe kama `Start`. Usikibonyeze "kuangalia tu". Ukiwa na tatizo la umeme au intaneti, uliza kabla, kwa sababu baada ya hapo saa haisimami.

Mwisho, mwajiri wa kweli hadai pesa za zoezi, za kulisahihisha wala za kuongeza muda. Ukidaiwa malipo, usilipe, na usitume nyaraka zako.