Kistari Kilivyofukuzwa Mwishoni mwa Mstari

Sisi tuliojifunza imla kwenye daftari za mistari tulifunzwa kukata neno kwa silabi. Mstari ukijaa, unaandika Ka- kisha unapeleka tito chini. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, basi kazi hii haina taabu. Hata jina la Kijaluo kama Nyakach, ambalo konsonanti imekaa mwishoni, halitusumbui sana. Kile kistari cha ukingoni humwambia msomaji kwamba neno halijaisha, na kwamba chenyewe si sehemu ya neno hilo.

Anwani za mtandao zilipoingia katika orodha za marejeleo, mapatano hayo yalivunjika. Mnamo Desemba 1994, Tim Berners-Lee, Larry Masinter na Mark McCahill walitoa waraka uitwao RFC 1738, ulioeleza jinsi anwani hizo zinavyoundwa. Mwishoni mwake mna kiambatisho kifupi kinachotuhusu sisi watu wa lugha kuliko mafundi. Kinasema anwani ndefu yaweza kukatwa na kuendelea mstari wa pili, na anayeisoma apuuze nafasi iliyoongezwa. Lakini isikatwe baada ya kistari. Kwa nini? Kwa sababu wapiga chapa wamezoea kutia kistari wanapokata neno, ilhali ndani ya anwani kistari ni herufi kamili kama a au b. Msomaji akikikuta ukingoni hawezi kujua kama ni cha anwani au ni cha mpiga chapa. Onyo hilo lilirudiwa katika RFC 3986 ya Januari 2005.

Hapa Katito wanafunzi wa uzamili huniletea tasnifu zao niwapitishie macho. Mmoja wao alikuwa amerudishiwa yake na chuo kwa kuwa marejeleo yalipita pambizo la kulia. Mkosaji mkubwa alikuwa anwani ya Katiba ya 2010 katika tovuti ya Kenya Law:

```
http://www.kenyalaw.org:8181/exist/kenyalex/actview.xql?actid=Const2010
```

Hesabu mwenyewe: herufi na alama 71, bila nafasi hata moja. Programu ya kupanga maandishi hutafuta nafasi ndipo ikate. Isipoiona, nyingine huisukuma anwani yote chini na kuacha pengo baya juu. LaTeX, aliyoitumia mwanafunzi huyu, huiacha tu itokeze nje ya pambizo. Naye alikuwa amejaribu kujitibu kwa kanuni ya shule ya msingi, akaandika act- halafu view chini yake. Sasa mtahini akiinakili anwani hiyo jinsi alivyoiona, kompyuta itatafuta act-view.xql, faili ambayo haipo. Na mtahini akikosa chanzo, ataanza kujiuliza kama kweli kilisomwa.

Dawa ilikuwa kuondoa kistari na kuifunga anwani ndani ya amri \url, inayotokana na kifurushi url cha Donald Arseneau. Ikakatika hivi:

```
http://www.kenyalaw.org:8181/exist/kenyalex/
actview.xql?actid=Const2010
```

Kifurushi hicho hukata baada ya mkwaju au nukta, wala hakigusi kistari mpaka ukiamuru. Yaani kinatii onyo la 1994. Chicago Manual of Style wana shauri tofauti kidogo. Wao hukata baada ya nukta mbili au mikwaju miwili, lakini kabla ya mkwaju mmoja, nukta, kistari au alama ya kuuliza. Kwangu mimi Chicago wana hoja nzito zaidi, hasa kuhusu nukta. Nukta ikibaki ukingoni, jicho hudhani sentensi imekwisha. Ikianza mstari mpya haimdanganyi mtu. Kipo pia kifurushi xurl, kinachokata popote pale. Pambizo litapona, ila neno laweza kupasuliwa katikati, kwa hiyo nakiweka akiba.

Wanaotumia Word wana kishawishi chao: kubonyeza Enter. Usifanye hivyo! Enter huanzisha aya mpya, na ukibadilisha ukubwa wa herufi kesho, mkato utajikuta katikati ya ukurasa. Ndiyo maana APA, katika toleo la saba la 2019, wanataka mwandishi asikate anwani kwa mkono. Word ina alama isiyoonekana iitwayo No-Width Optional Break, inayoruhusu mkato bila kuchapisha chochote. Inafaa kwa karatasi. Katika nakala ya kusomwa kwenye skrini ni mtego, maana anayenakili anwani huenda akaibeba na alama hiyo, na tovuti isifunguke.

Makala za majarida yenye DOI hazisumbui hivi, kwani anwani ya https://doi.org/ aghalabu ni fupi. Ila Katiba, kama sheria zetu nyingine, utaiandika kwa anwani yake ndefu.