Mlango uliolegea, shingo iliyofupika

Kolwezi, daktari aliyesomea Kifaransa huandika beansi kwenye fishi ya mama, yaani hali ya kubaki wazi. Tukisema kwa Kiswahili "upungufu wa shingo ya kizazi" hatujasema kitu: upungufu wa nini? Mimi napendelea ulegevu wa mlango wa kizazi, maana ugonjwa huu hujulikana kwa jinsi mlango unavyofunguka: kimyakimya, kabla ya wakati, bila uchungu.

Chukua mama wa Manika ambaye mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 20. Alihisi uzito tu chini ya tumbo na ute kuongezeka. Maji yakapasuka, mtoto akatoka upesi. Ya pili ikafanya vivyo hivyo kwenye wiki ya 19. Jirani atasema ni ndoo za maji alizobeba. Mkunga mzoefu atauliza kilichotangulia: je, kulikuwa na homa, damu au maumivu ya kukaza? Kama vilikuwepo, huenda ni malaria, maambukizi au kondo la nyuma kuachia mapema, na kufunga mlango kwa uzi hakuponyi hayo.

Kwa mama huyu ambaye hakuwa na hayo, safari ya tatu, daktari huanza na ekografi kuhakikisha mtoto yu hai, kisha kati ya wiki ya 12 na ya 14 hufunga mlango kwa uzi. Hiyo ndiyo serklaji. Njia ya Shirodkar wa India ilitangazwa mwaka 1955. Ile ya McDonald wa Australia, 1957, ni nyepesi zaidi: uzi huzungushwa kwenye shingo kama kamba ya mdomo wa mfuko. Haufungwi penye maambukizi, damu inayotoka au maji yaliyokwisha kupasuka.

Neno shingo nalo lina kazi yake, kwa kuwa shingo hupimwa urefu. Mama mwingine hajawahi kupoteza mimba, ana mtoto mmoja tumboni, na ekografi ya ukeni, kibofu kikiwa kitupu, inaonyesha milimita 22 kwenye wiki ya 20. Huyu ana shingo fupi, si lazima awe na mlango uliolegea. Hupewa projesteroni ya ukeni, miligramu 200 kila usiku, mpaka karibu wiki ya 36. Lakini kama aliwahi kuzaa kabla ya wakati na shingo ikashuka chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, uzi nao huzungumzwa. Kwa mapacha wenye shingo fupi tu, bila mlango kufunguka, uzi haupendekezwi.

Kumlaza mama kitandani miezi yote hakujaonyesha faida.

Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37. Uchungu ukianza mapema, uzi hukatwa papo hapo, la sivyo shingo inaweza kuchanika. Kwa hiyo mama anayeondoka kwenda kujifungulia kwao Kasaji aende na fishi iliyoandikwa fundo lilipo.