Miwani ya jua: jinsi ya kutofautisha inayokinga macho na ile ya urembo tu

Ukitoka Ombaci kuelekea katikati ya mji wa Arua, au ukienda sokoni Koboko, utakutana na wauzaji wa miwani ya jua. Wengine wana meza, wengine wanaitembeza mkononi. Nyingi zina vioo vyeusi na karatasi ndogo inayong'aa iliyoandikwa UV400. Baadhi yake zinakinga macho kweli. Nyingine zinapunguza mwanga tu, na hizo zinaweza kukuacha katika hali mbaya kuliko kutovaa miwani kabisa. Makala hii inakueleza maana ya maandishi hayo, na jinsi ya kuyahakiki kabla hujalipa.

Kwa nini jua la hapa linahitaji kinga?

Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Jua hupita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, na miezi mingine haliendi mbali sana na hapo. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa mionzi ya UV, na daraja lake la juu kabisa huanzia 11. Sehemu kama zetu hufika daraja hilo mara nyingi saa za mchana, anga likiwa wazi.

Mionzi ya UV haionekani kwa macho. Mwanga unaokufanya ukunje uso ni kitu kimoja, na mionzi ya UV ni kitu kingine, ingawa vyote vinatoka kwenye jua. Mtu anayepigwa na mionzi hiyo kwa miaka mingi, kama dereva wa boda boda, mkulima au muuza soko asiye na kivuli, yuko katika hatari zaidi ya kupata mtoto wa jicho. Anaweza pia kuota kinyama kinachoanzia kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea katikati.

Kuna pia saratani ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Mwaka 1995 daktari wa macho Ateenyi-Agaba alichapisha utafiti kutoka Kampala ulioonyesha uhusiano kati ya saratani hiyo na virusi vya UKIMWI. Jua kali nalo linahesabiwa kati ya visababishi vyake. Kwa hiyo ikiwa unaishi na VVU, au una ualbino, kinga ya macho ni jambo la afya kwako, wala si la mapambo.

Kioo cheusi si kinga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Weusi wa kioo unatoka kwenye rangi, na rangi hupunguza mwanga unaoonekana. Kinachozuia UV ni aina ya plastiki yenyewe, au dawa maalumu iliyochanganywa ndani yake au kupakwa juu yake. Kioo cheupe kisicho na rangi kinaweza kuzuia UV yote, na kioo cheusi tii kinaweza kuipitisha.

Ukivaa kioo cheusi kisichozuia UV, jicho lako linadhani liko kivulini. Mboni inafunguka zaidi, nawe unaacha kukunja macho. Kukunja macho na kubana mboni ndiyo kinga uliyozaliwa nayo, na miwani hiyo imekuondolea. Mionzi inaingia kupitia mlango uliofunguliwa.

Bei nayo haikuambii ukweli. Plastiki ngumu iitwayo polikaboneti huzuia sehemu kubwa sana ya UV hata bila dawa, na miwani ya bei ndogo inaweza kuwa imetengenezwa kwayo. Miwani yenye jina kubwa pembeni inaweza kuwa ya kuigiza, na plastiki yake ikawa ya aina nyingine. Usinunue kwa bei wala kwa jina.

Maandishi yanasema nini?

UV400. Mionzi hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo chake ni nanomita. UV inaishia kwenye nanomita 400, na baada ya hapo unaanza mwanga wa zambarau tunaouona. Kwa hiyo UV400 ina maana kwamba kioo kinazuia mionzi yote hadi mwisho huo. Maandishi "100% UVA/UVB" yanadai jambo hilohilo. Hiki ndicho unachotafuta, lakini bado ni dai la mtengenezaji, na karatasi ya kubandika inaweza kuchapwa na mtu yeyote.

CE na Cat. Alama ya CE inatoka kwenye kanuni za Ulaya. Kwa miwani ya jua ya kawaida, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwamba ametimiza kanuni. Hakuna ofisi iliyokagua kila jozi. Kanuni hizo zinahesabu UV hadi nanomita 380, kwa hiyo CE peke yake haitoshi kukuhakikishia UV400. Pembeni ya CE mara nyingi kuna "Cat." na namba kuanzia 0 hadi 4. Namba hiyo inapima weusi wa kioo tu. Cat. 3 inapitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na inafaa kwa jua letu la mchana. Cat. 4 inapitisha asilimia 3 hadi 8 na haifai kabisa kuendeshea gari wala pikipiki. Cat. 2 na 3 nazo zivuliwe jioni giza linapoanza.

Polarized. Kioo cha aina hii kinapunguza mng'ao unaorudi kutoka kwenye maji au lami iliyolowa. Kinapumzisha macho, lakini neno hilo halisemi lolote kuhusu UV. Likiwa peke yake bila UV400, bado hujui.

Kama miwani haina maandishi yoyote, ihesabu kuwa ya urembo hadi itakapothibitika vingine.

Jinsi ya kuijaribu kwa taa ya kukagua noti

Maduka ya kubadilisha fedha, na baadhi ya mawakala wa pesa kwa simu, wana taa ya kutambua noti bandia. Taa hiyo inatoa UV, na alama zilizofichwa kwenye noti zinawaka kwa rangi. Kwa mfano, uzi uliomo ndani ya noti ya dola 100 unawaka waridi, na wa dola 20 unawaka kijani. Muombe mwenye taa akusaidie kwa dakika mbili, ukiwa kivulini. Usiangalie taa yenyewe na usiielekeze machoni pa mtu.

1. Weka noti chini ya taa na uone alama inavyowaka.
2. Ingiza kioo kimoja cha miwani kati ya taa na noti. Angalia noti kwa pembeni, usiiangalie kupitia kioo. Ukiangalia kupitia kioo, weusi wake utakudanganya.
3. Alama ikizimika kabisa, kioo kimezuia mionzi ya taa hiyo. Ikiendelea kuwaka, hata kwa ufifi, mionzi inapita.
4. Rudia kwa kioo cha pili.

Tuseme umeshika jozi tatu. Ya kwanza ni nyeusi sana, ina karatasi ya UV400 na jina kubwa la kigeni. Ya pili ni ya kahawia, na ndani ya mkono wake imechapwa CE, Cat. 3 na UV400. Ya tatu ni ya njano, nyepesi, na imeandikwa Polarized tu. Chini ya taa, uzi wa noti unaendelea kuwaka kwa ufifi nyuma ya ile nyeusi, lakini unazimika nyuma ya ile ya kahawia na ile ya njano. Hapo ile nyeusi imeshindwa, ingawa ndiyo iliyoonekana ya maana. Ile ya njano imezuia UV, lakini mchana jua bado litakuchoma macho kwa mwanga, maana rangi yake ni hafifu. Chukua ile ya kahawia.

Jaribio hili lina mipaka. Taa za dukani zenye mirija kwa kawaida hutoa mionzi ya nanomita 365 hivi, na kioo kinachoipitisha hiyo hakifai. Tochi ndogo za zambarau mara nyingi hutoa 395, karibu kabisa na mwisho wa UV. Kioo kinachoishia 380 kinaweza kushindwa kwa tochi na bado kikawa kinazuia sehemu kubwa ya UV. Kushindwa kwa tochi kunakuambia tu kwamba dai la UV400 si la kweli. Na kufaulu chini ya taa ya duka hakuthibitishi UV400 kamili, ila kunaondoa zile mbaya kabisa. Kipimo cha uhakika kinafanywa na mashine ya kupimia vioo. Ukienda kwa fundi wa miwani au kwenye kitengo cha macho cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, uliza kama wanayo.

Angalia pia umbo na usafi wa kioo

UV haiji kwa mbele tu. Inaingia juu ya fremu, pembeni, na kwa kurudi kutoka ardhini. Vioo vidogo vya mviringo vinavyoacha nyusi wazi vinakinga kidogo hata kama ni UV400. Tafuta fremu pana inayokaa karibu na uso, na uvae kofia yenye ukingo mpana pamoja nayo.

Kisha shika miwani mbali kidogo na uso, uangalie kupitia kioo mstari ulionyooka, kama ukingo wa mlango. Sogeza miwani polepole juu na chini. Mstari ukijipinda au kuyumba, kioo ni kibovu na kitakuumiza kichwa barabarani.

Mahali ambapo miwani ya jua haifai

Usiitumie kuchomelea vyuma. Mwanga wa kuchomelea una UV na ukali ambao hata Cat. 4 haikutengenezwa kuuzuia. Fundi anahitaji kioo maalumu cha kuchomelea. Usiitumie pia kulitazama jua moja kwa moja, hata wakati wa kupatwa kwa jua.

Na kama tayari una kinyama au doa kwenye weupe wa jicho linalokua, jicho jekundu lisilopona, au ukungu unaozidi, miwani haitakuponya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe uombe rufaa ya kitengo cha macho. Ukiwa kwenye dawa za VVU, mwambie mhudumu wa afya, maana kinyama kinachokua haraka kinapaswa kuchunguzwa mapema.