Doa la damu, jasho, mafuta au manjano: kwa nini maji ya moto yaje mwisho

Dobi wa Kawe akipokea kanzu nyeupe Jumatatu asubuhi, mara nyingi anapokea na madoa ya shughuli nzima ya wikendi. Kwenye kola kuna tone la damu la wembe wa kinyozi, makwapani kuna jasho, na kifuani umemwagika mchuzi wa samaki uliotiwa manjano. Kanzu hiyo ikitumbukizwa yote kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya unga, inaweza kutoka na madoa yaliyoganda kuliko ilivyoingia. Mwenyewe akija Ijumaa kuichukua, anayebanwa kulipa ni dobi.

Maji ya moto si mabaya kwa kila doa. Kwenye mafuta yanasaidia, maana yanayalainisha. Shida iko kwenye damu na jasho, kwa sababu vyote viwili vina protini. Fikiria yai: likiwa bichi ute wake unaoshwa kwa maji tu, ila ukishauchemsha unakuwa mweupe na mgumu, na hata ukiuweka kwenye baridi haurudi kuwa maji tena. Protini ya damu inafanya hivyo hivyo, tena ikiwa katikati ya nyuzi za nguo. Pasi nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya kupika doa.

Manjano ni habari nyingine. Hayo ni rangi kabisa, na rangi yake haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta na spiriti. Ndiyo maana mchuzi ni mbaya kuliko unga mkavu wa manjano: mafuta yanaibeba rangi na kuiingiza ndani ya kitambaa. Wanaosuka mikeka huchemsha ukindu pamoja na rangi ili ishike. Anayeloweka doa la manjano kwenye maji ya moto anafanya kazi ya mpaka rangi bila kujua.

Kwa hiyo kwenye kanzu ile kazi inaanza na damu, kwa maji baridi. Hapa kuna mtego wa Dar: maji ya simtanki lililokaa juani yanaweza kutoka ya moto mchana hata bila jiko. Kinga maji asubuhi, au tumia yaliyolala ndani kwenye ndoo. Geuza kola ndani nje na umwagie maji kutokea nyuma ya doa, ili damu isukumwe kutoka ilikoingilia. Kisha loweka sehemu hiyo nusu saa kwenye lita moja ya maji baridi yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Maji yakiwa mekundu yamwage, weka mengine. Ndipo upake sabuni ya mche na kufikicha taratibu.

Damu iliyokauka siku mbili tatu inahitaji kulala usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga. Ukibaki ukungu wa kahawia, kwenye pamba nyeupe unaweza kudondoshea peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa famasi. Itatoa povu. Povu likiisha, suuza. Kwenye hariri na sufi usiitumie, na nguo ya rangi ijaribie kwanza kwenye pindo la ndani.

Damu ikishatoka, nenda kwapani. Ile njano ngumu ya kwapa si jasho peke yake. Ni jasho, mafuta ya mwili na mara nyingi dawa ya kuzuia jasho yenye alumini. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe vinne vya maji, loweka kwapa nusu saa, suuza vizuri kabisa, halafu paka sabuni ya unga iliyokorogwa nzito kama uji na uiache nusu saa nyingine. Wengi hapa wanakimbilia jiki, na ndipo wanapoharibu: klorini ikikutana na protini ya jasho inaweza kuongeza unjano badala ya kuuondoa. Halafu jiki na siki zisikutane kwenye beseni moja hata kidogo, zinatoa gesi inayoumiza mapafu. Usichanganye jiki na peroksaidi pia.

Mchuzi wa kifuani unafuata, na hapo sehemu yenye doa inatakiwa iwe kavu, kwa hiyo wakati wa kushughulikia kola na kwapa usiloweshe kifua. Ondoa mabaki kwa ncha ya kijiko, nyunyizia poda ya mtoto au unga wa muhogo, subiri robo saa unyonye mafuta, kisha kung'uta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja juu ya doa, bila maji. Imetengenezwa kuvunja mafuta ya sufuria, na ya kanzu haiyaogopi. Acha dakika 15, fikicha kwa vidole, suuza kwa maji ya kawaida.

Ukitumia sabuni ya mche au ya unga kwenye manjano, doa linaweza kugeuka jekundu au kahawia ghafla. Watu hudhani wameunguza nguo. Hapana, rangi ya manjano hubadilika ikikutana na magadi yaliyomo kwenye sabuni. Kamulia tone la limao utaona inarudi kuwa njano. Hiyo ni dalili kwamba rangi bado ipo. Chukua pamba yenye spiriti, mbali na jiko, gonga gonga doa huku umeweka kitambaa kikavu chini yake kipokee rangi. Usisugue, utaitanua.

Sasa ifue kanzu nzima na uianike kivulini kwanza. Doa la mafuta haliaminiki nguo ikiwa mbichi. Ikikauka ndipo linajionyesha kama kivuli cheusi. Ukiliona, rudia sabuni ya vyombo, na safari hii suuza kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, maana damu na jasho vimeshatoka. Usipoliona na imebaki njano ya mchuzi tu, lowesha hapo na uanike juani. Jua linavunja rangi ya manjano, na doa lililoshinda sabuni linaweza kufifia kwa siku moja au mbili. Kanga na taulo zilizopakwa singo zinaokolewa kwa njia hiyo hiyo, ila kwa kanga kumbuka jua litafifisha na rangi yake pia.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za ukanda wa bahari zinayategemea, yanaongeza kazi. Sabuni ya mche haitoi povu humo na inaacha utando mweupe unaofunika doa. Kwa hatua hizi za mwanzo tafuta ndoo moja ya maji baridi, ya bomba au ya mvua, kisha malizia na ya kisima.

Doa la damu lililokwisha pigwa pasi lina nafasi ndogo. Linaweza kupungua kwa kulala kwenye sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kwa maji ya vuguvugu, lakini dobi makini humwambia mteja kabla ya kupokea nguo kwamba alama inaweza kubaki.