Wanaume wa Njombe walianza kuondoka zamani

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 yatoke, Njombe imekuwa ikitajwa kama mkoa wenye upungufu wa wanaume. Wanawake walihesabiwa 469,413, wanaume 420,533, yaani wanaume 90 kwa kila wanawake 100. Mwaka 2012, mkoa ulipohesabiwa kwa mara ya kwanza baada ya kumegwa kutoka Iringa, walikuwa 88. Maelezo ya vijiweni huwa mawili: ama UKIMWI umewamaliza, ama vijana wamelikimbia jembe.

Kabla ya kulaumu yeyote, tupige hesabu. Tofauti ni watu 48,880, lakini si wote waliopotea. Tanzania nzima ina wanaume 95 kwa wanawake 100, kwani wanawake huishi miaka mingi zaidi. Njombe ingefuata uwiano huo, ingekuwa na wanaume wapatao 445,000. Pengo la Njombe yenyewe ni kama 25,000, takriban nusu. Huenda UKIMWI umechangia, maana mkoa huu umeumizwa kuliko karibu mikoa yote. Lakini sensa humhesabu mtu pale alipolala, na anayeuza mbao Dar es Salaam anahesabiwa huko.

Mazoea ya kuondoka yana umri mrefu. Vita vya Maji Maji viliacha njaa Ubena na Ungoni, na kodi ya Wajerumani ikadai fedha taslimu kwa watu wasio na zao la kuuza. Waingereza walipokuja waliendeleza kodi hiyo, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yakawa ndiko fedha yake ilikopatikana. Ndipo wakaja manamba.

Jambo hili lilichunguzwa vizuri na Philip Gulliver, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti jirani tu, Songea, na kuuchapisha mwaka 1955. Swali lake lilikuwa rahisi: kwa nini Wangoni na Wandendeule wanaondoka kwa wingi, ilhali Wamatengo wa milimani, wilaya ileile, hawaondoki sana? Kodi ilikuwa ileile na serikali ileile. Tofauti ilikuwa kahawa. Mmatengo alikuwa na mibuni karibu na nyumba yake, akalipa kodi, akanunua nguo na kutafuta mahari bila kuvuka mto. Jirani yake asiye na zao lenye soko alibaki na kitu kimoja tu cha kuuza, nguvu zake, na mnunuzi alikuwa mbali. Mimi nasimama na Gulliver. Uvivu haukumpeleka mtu Tanga.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mpaka 1963 hapakuwa na reli iliyounganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, hivyo katika miaka ya 1920 makundi ya watu wa kusini yalikata sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Meja Orde-Browne, aliyeongoza Idara ya Kazi iliyoanzishwa 1926, alihimiza kambi za kulala na kula njiani. Akifika shambani, mtu alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ukatoka kikijaa. Siku ya homa ilibaki wazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha na kusafirisha vibarua kutoka wilaya za mbali.

Mshahara ule ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mkewe alibaki nyumbani, akilima ulezi na mahindi, akilea watoto ambao baadaye wangekuwa manamba, na akimpokea mume aliyechoka. Gharama yote hiyo mwenye shamba hakuilipa hata senti. Mwanamke wa Ubena ndiye aliyeubeba mkonge wa Tanganyika, na inauma kwamba hadithi ya zao hilo husimuliwa bila kumtaja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kima cha chini cha mshahara kilipanda, kisha bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba yakaacha kufuata vibarua mbali. Njombe ilikuwa imekwisha kupata miwati, chai na pareto. Leo kuna miti, viazi na parachichi. Hata hivyo wanaume waliendelea kuondoka, sasa kwa biashara, na Wakinga wakasifika kwa maduka yao mijini.

Wanaosherehekea kupanda kutoka 88 hadi 90 wasiharakishe. Uwiano hupanda wanaume wakirudi, na hupanda pia wanawake wakiondoka. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na wanawake 2,238,755 na wanaume 2,125,786. Mji uliowahi kuwa wa wanaume sasa unachukua pia mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Pengo lenyewe la Njombe halikupungua kwa idadi: lilikuwa watu 43,379 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye likawa 48,880.