Kidonge Kilichosubiri Mwongozo: Historia Fupi ya Nimonia ya Nyumosistisi

Mwaka 1977 Walter Hughes, daktari wa watoto katika Hospitali ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya jaribio lisilohitaji ufafanuzi mrefu. Watoto 160, wengi wao wakiwa na saratani ya damu, waligawanywa katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi moja lilipewa kotrimoksazoli, kidonge ambacho huku kwetu tumezoea kukiita septrini. Kundi la pili lilipewa kidonge kisicho na dawa. Katika kundi hilo la pili watoto 17 walipata nimonia ya nyumosistisi. Katika kundi la kwanza hakuugua hata mmoja.

Mwongozo wa kwanza wa serikali ya Marekani uliowashauri madaktari kuwakinga watu wazima wenye Virusi vya UKIMWI dhidi ya nimonia hiyohiyo ulitolewa Juni 1989. Miaka 12 ilikuwa imepita. Makala haya yanahusu muda huo, na yanauliza kwa nini maarifa yaliyokwisha kupatikana huweza kukaa karibu na mgonjwa bila kumfikia.

Nyumosistisi ni kuvu, ingawa kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu miongoni mwa protozoa, hadi vinasaba vilipoonyesha vinginevyo mwaka 1988. Mwenye kinga timamu hamtambui. Lakini seli za CD4 zinaposhuka chini ya 200, kuvu huyo huongezeka na kuvijaza vifuko vya hewa vya mapafu kitu mfano wa povu, hata oksijeni ikashindwa kupenya kuingia katika damu. Mgonjwa huwa na homa na kikohozi kikavu, na pumzi humpungua wiki baada ya wiki. Daktari akimsikiliza kifua mara nyingi hasikii jambo kubwa. Mgonjwa akiwa ameketi huweza kuonekana ana nafuu, lakini akitembezwa ukumbini oksijeni yake huporomoka. Hiyo ni dalili ambayo mganga makini haipuuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa mbadala ya ugonjwa huu, pentamidini, haikuuzwa madukani nchini Marekani. Ilitolewa na Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa pekee. Mtumishi wa kitengo hicho, Sandra Ford, aliona maombi yakiongezeka kwa ajili ya vijana wasio na sababu inayojulikana ya kukosa kinga, akatoa taarifa. Tarehe 5 Juni 1981 kituo hicho kilitangaza habari ya vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia hii. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI.

Tiba ilikuwapo: kotrimoksazoli ileile, ila kwa dozi kubwa mno ikilinganishwa na dozi ya kawaida. Kipimo ni miligramu 15 hadi 20 za trimethoprimu kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara tatu au nne, kwa siku 21. Tumchukue mgonjwa wa kilo 60. Kidonge kimoja cha miligramu 480 kina miligramu 80 za trimethoprimu, na zilizobaki ni sulfamethoksazoli. Akimeza vidonge vinne mara tatu kwa siku, atakuwa amepata miligramu 960 za trimethoprimu, yaani 16 kwa kila kilo. Ni vidonge 12 kwa siku na 252 kwa wiki tatu. Haishangazi kwamba wengi hutapika, na kwamba katika wiki ya pili hutokea vipele, homa mpya au upungufu wa chembe nyeupe za damu. Potasiamu nayo huweza kupanda, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Wapo wanaoacha dawa siku ya kumi kwa sababu wamepata nafuu, na kuvu hurudi.

Kulikuwa pia na fumbo. Wagonjwa wengi walizidiwa katika siku za kwanza za matibabu, wakati dawa ilikuwa inafanya kazi. Kuvu walipokufa kwa wingi, mwili uliyashambulia mabaki yao na mapafu yakazidi kuvimba. Baadhi ya madaktari walifikiria kutoa steroidi ili kutuliza uvimbe huo, lakini nani angethubutu kumpa dawa inayoshusha kinga mtu anayekufa kwa kukosa kinga? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990 yaliondoa hofu hiyo: kwa wagonjwa mahututi, steroidi zilipunguza vifo kwa karibu nusu katika mwezi wa kwanza. Tangu hapo, mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka chini ya milimita 70 za zebaki hupewa prednisoloni miligramu 40 mara mbili kwa siku kwa siku 5, kisha 40 mara moja kwa siku 5, kisha 20 kwa siku 11. Huanza pamoja na kotrimoksazoli au ndani ya saa 72. Ikichelewa zaidi ya hapo, faida yake haina uhakika.

Sasa turudi kwenye kinga. Mwaka 1987 mwanaharakati Michael Callen, aliyekuwa mwenyewe mgonjwa, alimwomba Anthony Fauci, aliyeongoza utafiti wa serikali kuhusu UKIMWI, awashauri madaktari kutoa kinga hiyo. Daktari wa Callen mjini New York, Joseph Sonnabend, alikuwa tayari akiitoa kwa kuutegemea ushahidi wa Memphis. Fauci alikataa, akitaka kwanza ushahidi wa majaribio kwa wagonjwa wa UKIMWI. Tusimdhihaki: wagonjwa hao walidhurika na dawa za salfa mara nyingi zaidi kuliko watoto wa Memphis, na kisa cha steroidi kinaonyesha kwamba jaribio huweza kuokoa watu. Kosa lilikuwa kwingine. Waliodai ushahidi ndio waliokuwa na fedha za kuutafuta, na hawakuutafuta kwa haraka. Margaret Fischl wa Miami alipochapisha jaribio lake mwaka 1988, wagonjwa 16 kati ya 30 wasiopewa kinga walikuwa wameugua. Kati ya 30 waliopewa, hakuna.

Afrika ilisubiri tena. Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza kinga hii kwa bara letu mwaka 2000, lakini nchi nyingi zilisita, zikihofu kwamba bakteria wa huku wameshaizoea septrini. Mwaka 2004 jaribio la Zambia, nchi yenye usugu huo, lilitoa jibu: miongoni mwa watoto wenye virusi waliopewa kidonge walikufa asilimia 28, na miongoni mwa wasiopewa asilimia 42.

Leo anayemaliza siku zake 21 haachi septrini. Anashuka hadi miligramu 960 mara moja kwa siku, yaani vidonge viwili, huku dawa za kufubaza virusi zikiijenga upya kinga yake. Kwa kawaida kinga hiyo huweza kusitishwa CD4 zikikaa juu ya 200 kwa miezi mitatu, lakini palipo na malaria na maambukizi mengi ya bakteria Shirika la Afya Duniani linashauri iendelee. Kwa hiyo bohari ya wilaya inapoishiwa septrini, mtumishi anayejaza fomu ya kuagiza asiihesabu kama dawa ndogo ya kikohozi inayoweza kungoja robo mwaka ijayo. Kidonge hiki kimeshangojwa vya kutosha.