Bosi kakata mshahara kwa siku ulizoumwa? Una siku 60 tu za kuudai

Mwisho wa mwezi umefika, meseji ya benki imeingia, lakini hela haijafika kiwango ulichozoea. Unamuuliza bosi, anakujibu: "Si uliumwa wiki nzima? Hukufanya kazi, nikulipe nini?"

Jibu hilo wafanyakazi wengi wa maduka, maghala, shule binafsi na nyumba za wageni Nachingwea na Ruangwa wanalipokea na kukaa kimya. Kisheria, mara nyingi bosi hana haki ya kukata. Ila hela hiyo hairudi yenyewe. Inadaiwa kwa karatasi na kwa tarehe, na tarehe ndiyo inayowaangusha wengi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata analipwa nusu.

Siku hizo hazianzi upya kila Januari. Zinahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36 ya kazi mfululizo kwa mwajiri huyo huyo. Kwa hiyo ukiumwa siku 5 mwaka huu na siku 10 mwakani, zote zinatoka kwenye fungu moja. Malipo yanapigwa kwa mshahara wa msingi, hivyo posho ya nauli au chakula inaweza isiwemo.

Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza mwajiri kukata mshahara kienyeji. Makato lazima yatokane na sheria, makubaliano ya pamoja ya chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo, au deni ulilokubali kwa maandishi kulikatwa. "Hukuwepo kazini" si sababu, kama ulikuwa unaumwa na una cheti.

Kuna wengine hawakati hela, wanakata siku za likizo ya mwaka. Hilo nalo haliruhusiwi. Likizo ya mwaka haitakiwi kuchukua nafasi ya likizo ya ugonjwa.

Bosi anakuwa sahihi lini?

Kwanza, kama hukuleta cheti cha daktari. Bila cheti, halazimiki kukulipa.

Pili, kama hujafikisha miezi sita kazini. Lakini angalia hapa, kwa sababu huku kwetu kazi nyingi zinafuata msimu wa korosho. Sheria imewatoa wafanyakazi wa msimu kwenye sharti hilo: hao wana haki ya likizo yenye malipo hata kabla ya miezi sita. Na aliyefanya kazi kwa vipindi kwa mwajiri mmoja, vipindi hivyo vikijumlishwa na kuzidi miezi sita ndani ya mwaka, naye ana haki.

Tatu, kama ugonjwa wako tayari unalipiwa kwa sheria au mfuko mwingine. Ukiumia kazini, kwa mfano gunia limekuangukia ghalani, hilo linapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na njia yake ni tofauti na hii.

Mtumishi wa serikali au halmashauri naye ana kanuni na njia zake za malalamiko. Makala hii ni ya waajiriwa wa sekta binafsi.

"Sitaki karatasi ya zahanati"

Hii ndiyo sababu unayoweza kuisikia sana ukiumwa kijijini. Umelala na homa, zahanati iliyo karibu inaendeshwa na tabibu, anakupima na kukuandikia ED, yaani ile karatasi ya kupumzishwa kazi. Bosi anaikataa, anataka ya hospitali ya wilaya.

Sheria inataja cheti kutoka kwa daktari aliyesajiliwa, au mtoa tiba mwingine anayekubaliwa na mwajiri. Kisha inaongeza jambo la muhimu: mwajiri hawezi kumkataa mtoa tiba huyo bila sababu ya msingi. Zahanati ya serikali yenye mhuri, jina la aliyekutibu na tarehe za kupumzika si rahisi kuikataa. Kinachokataliwa kirahisi ni karatasi isiyo na mhuri, tarehe zilizofutwafutwa, au ED iliyoandikwa baada ya wewe kupona.

Ukiwa na hofu bosi atasumbua, omba zahanati ikuandikie rufaa au nenda kituo cha afya ukipata nafuu. Lakini usiitupe ile karatasi ya kwanza. Ndiyo inayoonyesha siku ulizoanza kuumwa.

Tufanye hesabu kwa mfano

Tuchukue keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Ruangwa mjini. Huu ni mfano tu, si mtu halisi. Ana mwaka mmoja na miezi minne kazini, analipwa shilingi 416,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Ameenda kwao kijijini Nachingwea wikiendi, malaria ikamlaza huko huko. Zahanati ikampa ED kuanzia Jumatatu tarehe 11 hadi Jumanne tarehe 19 Mei. Tarehe 11 alimtumia bosi picha ya ED kwa wasapu, na aliporudi akampelekea karatasi yenyewe.

Mei 31 mshahara ukaingia ukiwa umepungua.

Sheria inatoa kanuni ya kupata malipo ya siku: gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwake yeye, 4.333 mara 6 ni karibu 26. Gawanya 416,000 kwa 26, unapata shilingi 16,000 kwa siku.

Toa Jumapili moja iliyokuwa katikati, alikosa siku 8 za kazi. Mara 16,000, ni shilingi 128,000. Hicho ndicho anachodai. Hajawahi kuugua kabla ya hapo, kwa hiyo bado yuko ndani ya siku 63 za mshahara kamili.

Angalia pia slipu ya mshahara. Mshahara ukipunguzwa, mchango wa NSSF nao unaweza kupungua, kwa hiyo hasara haiishii mfukoni. Bosi akirudisha hiyo 128,000, makato ya kawaida ya mshahara yatapita humo, usishangae ukipokea pungufu kidogo. Kama huwa hupewi slipu, iombe. Sheria inamtaka mwajiri aambatanishe maelezo ya maandishi kwenye malipo, yakionyesha na makato.

Anza kwa barua, si kwa maneno

Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Andika barua fupi, tengeneza nakala mbili, moja bosi au msimamizi aisaini na kuandika tarehe aliyoipokea. Akigoma kusaini, mtumie picha yake kwa wasapu na utunze ujumbe. Inatosha kuandika hivi:

"Niliugua kuanzia tarehe 11 hadi 19 Mei na nilileta cheti cha zahanati. Kwenye mshahara wa Mei nimekatwa shilingi 128,000. Naomba nirudishiwe kiasi hicho kwa mujibu wa kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ndani ya siku 7. Naambatanisha nakala ya cheti na slipu."

Barua yenye lugha ya adabu inamaliza mambo mengi. Bosi wengine kweli hawajui sheria, na wengine makato yamefanywa na mhasibu aliyeona tu daftari la mahudhurio lina mapengo.

Siku 60 zinaanza lini?

Bosi akikaa kimya au akikataa, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai kama haya muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa keshia wetu, hesabu salama inaanza siku aliyopokea mshahara uliokatwa, Mei 31. Siku ya 60 ni Julai 30.

Hapa ndipo watu wanapoangukia. Bosi anasema "subiri korosho ziuzwe nitakumalizia", mfanyakazi anasubiri kwa heshima, msimu unafika, hela haipo na muda umepita. Mazungumzo na bosi hayasimamishi hesabu ya siku. Kwenda kulalamika kwa afisa kazi wa mkoa pia kunaruhusiwa, na ana mamlaka ya kukagua kumbukumbu za mwajiri na kumwamuru afuate sheria, lakini usikutegemee kukusimamishia siku zako 60.

Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2, ukieleza sababu. Wanaweza kukataa. Kwa hiyo usipange kuitegemea.

Kama umekatwa miezi mitatu tofauti, kila mwezi hesabu tarehe yake peke yake.

Ukifika CMA

Nachingwea na Ruangwa zote ziko Mkoa wa Lindi, kwa hiyo shauri linakwenda ofisi ya CMA inayohudumia mkoa huo. Kinachoangaliwa ni mahali mgogoro ulipotokea, yaani kazini, si kijiji unakotoka.

Unajaza fomu CMA F.1. Andika kiasi unachodai na jinsi ulivyokipata. Fomu hiyo ina sehemu B, ambayo ni ya walioachishwa kazi tu. Kama bado uko kazini, iache wazi. Kuijaza kunachanganya shauri lako.

Nakala ya fomu lazima mwajiri aipate, na uonyeshe ushahidi kwamba ameipata, kwa mfano saini yake ya kupokea. Huhitaji kuwa na wakili. Unaweza kujiwakilisha, kusimamiwa na chama cha wafanyakazi, au mtu mwingine unayemchagua.

Kinachofuata ni usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Wewe usipotokea, shauri linaweza kufutwa. Bosi asipotokea, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Mkikubaliana, mkataba wa makubaliano unaandikwa na kusainiwa. Usome kabla ya kusaini: una kiasi gani, utalipwa tarehe gani, na kama unafuta madai yako mengine. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo.

Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumfanya mtu aiache hiyo 128,000. Ndiyo maana barua ya mwanzo ina thamani. Bosi naye ataitwa, naye atasafiri na kufunga duka.

Na kama atakufukuza kwa sababu umedai? Kudai haki uliyopewa na sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi. Ila hilo ni shauri jipya, na muda wake ni mfupi zaidi: siku 30.